Unga Chini ya Kasha: Weka Chini Kwanza Hilo Kopo la Dawa

Wiki hii msomaji mmoja anayetunza mkusanyiko mdogo wa vitu vya kale ameniandikia akiwa amechanganyikiwa. Amekuta unga chini ya kasha la mbao, na alipolifungua akaona daftari la zamani lina madoa na harufu ya uvundo. Tayari amenunua dawa ya kupuliza. Anauliza jambo moja tu: apulize ndani au nje?

Usipulize kokote, ndugu yangu. Nitaeleza kwa urefu, kwa sababu swali hili limenigusa mahali panapouma.

Miaka iliyopita nilifanya kazi chini ya mkuu ambaye alikuwa hawezi kuona mdudu akatulia. Siku moja kitambaa cha kale kilikutwa na vidoadoa vyeupe. Niliomba nipewe muda nikitazame kwa lenzi. Akasema hakuna muda, ukungu unasambaa. Kikapanguswa kwa maji yenye klorini. Rangi nyekundu ikachuruzika hadi kwenye pindo, na nyuzi zilizokuwa zimestahimili vizazi vitatu zikaanza kukatika zikiguswa tu. Baadaye, katika punje chache nilizokuwa nimezihifadhi kwenye karatasi, nikaona zile hazikuwa ukungu kabisa. Zilikuwa chumvi, fuwele ndogo zinazometa zikimulikwa. Hakuna aliyewahi kuniambia pole, na sijasahau. Tangu hapo nimeshikilia msimamo mmoja: hutibu usichokijua, na wadudu na ukungu havianziwi kwa njia moja. Chenye mdudu unakifungia. Chenye ukungu mbichi unakipa hewa. Ukivibadilisha, umeharibu.

Tuanze na unga. Kasha kama la msomaji wetu limewahi kupita mikononi mwangu: dogo, la mbao nyepesi, halina nakshi ya pembe wala rangi ya kupakwa, limejaa matundu ya milimita moja hadi mbili. Kila aliyeliona alisema limeliwa, litupwe. Mimi niliukusanya ule unga kwenye karatasi nyeusi nikausugua kati ya vidole. Ulikuwa laini kiasi cha kutohisi chembe hata moja. Huo ni unga wa bungua, wale mbawakawa wadogo ambao mabuu yao hula wanga uliomo kwenye mbao changa za pembeni mwa gogo. Ungekuwa na chembe ngumu, kila moja na pande sita ukiitazama kwa lenzi, ningejua ni mchwa wa mbao kavu. Hao hawajengi njia za udongo, ndiyo maana watu huwakosa. Ukiona njia za udongo ukutani au mguuni mwa kabati, hao ni mchwa wa ardhini, na tatizo lako ni jengo kabla ya kuwa kasha.

Kumjua mdudu bado si kujua kama yuko hai. Matundu yenyewe ni milango ya kutokea. Bungua aliyekomaa akishatoboa, ameondoka, na tundu hubaki hata miaka mia. Mulika tochi kwa ubavu. Tundu jipya lina ukingo mkali na mbao ya ndani ni nyeupe au ya rangi ya maziwa. La zamani limefifia, ukingo umelainika, mara nyingine lina vumbi au nta ya kung'arishia ndani yake. Kwenye kasha lile nilikuta ya aina zote mbili, lakini ya wazi kabisa yalikuwa machache, yote upande wa nyuma karibu na kitako.

Watu wengi hudanganyika na unga wenyewe. Mbao iliyobunguliwa zamani hubaki na unga ndani, na kila ukiisogeza, unamwagika upya kana kwamba mdudu yuko kazini. Kwa hiyo fyonza unga wote, weka kitu juu ya karatasi nyeusi mahali ambapo hakitaguswa, andika tarehe pembeni mwa karatasi, halafu kiache. Kichuguu kidogo kikitokea chini ya tundu bila mtu kukigusa, kuna uhai. Kisipotokea baada ya wiki chache, usishangilie bado, maana buu huweza kukaa ndani ya mti mwaka mmoja au zaidi kabla hajatoka. Endelea kutazama.

Muda wote huo wa kusubiri, kitu kiwe ndani ya plastiki safi, inayoonyesha, iliyofungwa kwa selotepu pande zote, karatasi nyeusi ikiwa humo humo ndani. Ndiyo maana ya kumfungia mdudu. Akitoka, hatokei kwenye rafu ya jirani, na wewe unapata usingizi. Sharti ni moja: kitu kiwe kikavu.

Na dawa ya kopo? Inagusa uso wa mbao, na buu yuko ndani. Inachoacha ni doa la mafuta, na ikiangukia vanishi ya kale inaweza kuilainisha.

Kasha lile lilithibitika kuwa na uhai, nikaligandisha. Njia hii haina sumu na iko ndani ya uwezo wa yeyote mwenye friza kubwa. Nililifunika kwa shuka safi la pamba ili linywe unyevu, nikaliingiza kwenye plastiki, nikatoa hewa kadiri ilivyowezekana, nikafunga. Friza iwe imeshapoa kabla ya kuingiza kitu, kwa sababu baridi inayokuja polepole humpa mdudu nafasi ya kuizoea. Kipimo kiwe nyuzi 20 chini ya sifuri au chini zaidi, na usiamini namba ya kwenye kitasa, weka kipimajoto ndani. Kwa friza za kawaida mimi huacha wiki mbili kamili, kwa sababu mbao nene huchelewa kupoa hadi katikati. Friza inayofika nyuzi 30 chini ya sifuri huhitaji siku chache tu. Ukitoa, usifungue! Acha kitu ndani ya plastiki yake siku nzima mpaka kirudie joto la chumba. Maji yatatengenezwa nje ya plastiki badala ya kwenye mbao. Hapo ndipo wengi wenye haraka huharibu kazi nzuri waliyoifanya.

Si kila kitu huingia kwenye friza. Picha za kuchorwa juu ya mbao, vitu vyenye pembe za ndovu au vioo, ngoma yenye ngozi iliyovutwa, na chochote chenye tabaka za vitu vinavyosinyaa tofauti, usithubutu. Hivyo vina njia ya kuondolewa oksijeni ndani ya mfuko maalumu kwa wiki kadhaa, na hiyo mtafute mtaalamu. Plastiki ya kawaida huvujisha hewa na haifai kwa kazi hiyo.

Sasa daftari. Hapa geuza kila nilichosema. Ukichukua karatasi yenye unyevu na ukungu ukaifungia kwenye plastiki, umeitengenezea ukungu nyumba. Lakini kwanza hakikisha ni ukungu. Madoa ya kahawia yaliyoingia ndani ya karatasi, yasiyo na manyoya wala harufu, ni alama za uzee wa karatasi, na hayafutiki wala hayasambai kwa kukaa tu. Ukungu una mwinuko. Mulika kwa ubavu utaona manyoya au utando, mara nyingi wa kijivu, kijani au mweusi. Gusa kidogo sana kwa ncha ya brashi laini iliyo kavu. Ukipeperuka kama vumbi, umelala. Ukiburuzika na kuacha mchirizi, uko hai na karatasi ina maji.

Ulio hai usiupanguse wala kuupiga mswaki, utausokomeza ndani ya nyuzi. Litenge daftari kwenye boksi la karatasi ndani ya chumba kingine kikavu, lisiloshindiliwa kifuniko, na feni izungushe hewa ya chumba bila kulielekea. Usilianike juani. Jua hukausha, kweli, lakini hufubaza wino na kukunja karatasi. Vikiwa vitu vingi vimelowa kwa pamoja na huwezi kuvikausha ndani ya siku mbili, vigandishe ili ununue muda. Elewa tu kwamba baridi haiui ukungu, inaulaza.

Ukishalala na kukauka, vaa glovu na barakoa ya N95, kisha usukume vumbi lake kwa brashi laini kuelekea mdomo wa mashine ya kufyonza yenye chujio la HEPA, nguvu ikiwa ndogo na wavu umefungwa mdomoni ili kipande cha karatasi kisimezwe. Mashine isiyo na chujio hilo hutapika mbegu za ukungu chumba kizima. Mwenye pumu asiifanye kazi hii, amwachie mwingine. Doa litabaki. Liache libaki.

Na kabla hujaweka daftari mahali pake, weka kipima unyevu kwenye rafu ileile, si mlangoni. Ukungu huamka pale unyevunyevu wa hewa unapopita asilimia 65 hadi 70 na kukaa hapo. Lenga chini ya 60. Kwenye kasha lile nililoligandisha, chumba kilisoma vizuri kabisa, lakini nyuma yake, lilipoegemea ukuta wa nje, namba ilipanda. Ndiko kulikokuwa na matundu mapya, na daftari lililokuwa ndani yake lilikuwa limeoza upande huohuo. Bungua naye hupenda mbao yenye unyevu kidogo. Tulilivuta kasha kutoka ukutani upana wa kiganja, tukaliinua juu ya vitalu, na karatasi nyeusi imekaa chini yake tangu wakati huo bila hata chembe. Walewale waliosema litupwe huwaonyesha wageni wao sasa. Nafurahi, na sifichi.

Mwisho, nimwambie msomaji wangu jambo analopaswa kulifanya leo, kabla ya yote. Makusanyo ya zamani yaliwahi kunyunyiziwa arseniki, zebaki na DDT ili kuzuia wadudu, na mabaki yake mara nyingine huonekana kama unga mweupe kwenye mikunjo ya vitambaa, manyoya na ngozi. Ukiona unga usiotoka kwenye tundu lolote, usiusugue kwa vidole kama nilivyosema juu ya kasha, usiunuse, usiupulize. Vaa glovu, funika kitu, andika alama ya tahadhari juu yake, na tafuta kipimo cha maabara kabla mtu mwingine hajakishika.