Maswali na majibu: Saa tatu kamili, na ile "na" mnayoibandika kila mahali

Mwalimu, ni saatatu au saa tatu? (Msomaji, Shela)

Maneno mawili. Na kabla hujaniletea la pili: saa ngapi, maneno mawili. Ni saa tatu, maneno matatu. Haya yameulizwa hapa mpaka nimechoka, na kila wiki yanarudi na mwenyewe mpya.

Mbona nikiandika "saa kumi namoja" mwanangu ananicheka? Si tunasema nami, naye? (Mzazi, Matondoni)

Mwanao ana haki ya kucheka, ila swali lako lina akili kuliko mengi ninayoletewa, kwa hiyo nitalikalia.

"Na" huungana na kiwakilishi kilichokatwa. Mimi ikabaki "mi", tukapata nami. Yeye ikabaki "ye", tukapata naye. Vipande hivyo haviwezi kusimama peke yake katika maandishi ya sanifu, ndiyo maana vinaegemea. Moja, nusu, robo na dakika hazikukatwa. Zimekuja nzima, zinasimama zenyewe, na "na" inakaa mbali nazo kwa heshima: saa kumi na moja, saa nne na nusu, saa nne na robo, saa nne na dakika tano. Ukishuku, iondoe "na" utazame kilichobaki. "Nusu" ni neno kamili. "Ye" siyo.

Watu huniambia hayo ni madoido ya walimu, ati msomaji ataelewa tu. Haya, tuchukue ratiba ya Ramadhani, ile inayobandikwa mlangoni mwa msikiti. Tuseme magharibi inaingia saa kumi na mbili na dakika kumi na nne. Sema polepole "kumi na nne", kisha "kumi na nane". Idadi ya silabi ni ile ile, maana ile "n" ya mwanzo katika nne ni silabi peke yake. Kinachotenganisha mbili hizi ni irabu moja, "a". Sasa mwandishi wetu mwenye haraka anaunganisha kila kitu, anaandika "dakika kuminane". Alikusudia kuminanne akadondosha "n", au alikusudia kuminanane akadondosha "na"? Huwezi kujua. Mmoja atafungua tende yake dakika ya kumi na nne, mwenziwe atangoja mpaka ya kumi na nane, na ikiwa ya pili ndiyo sahihi, yule wa kwanza amekula mchana. Maneno yakiwa mbalimbali, kosa hilo hujitoa lenyewe: "kumi na ne" kila mtu anaona imepungua "n", wala hakuna wa kuisoma nane.

Kasoro robo au kasorobo? Kila kitabu na lake. (Mwanafunzi, Malindi)

Zote mbili. Ukiandika mbalimbali, ni kasoro robo. Ukiunganisha, "ro" moja inameza nyingine na unapata kasorobo. Kosa ni kuunganisha bila kumeza, "kasororobo", au kumeza bila kuunganisha, "kaso robo". Chagua moja uifuate mpaka mwisho wa insha. Muungano huo ni wa robo peke yake. Dakika haziingii humo. Saa tatu kasoro dakika kumi, kila neno mahali pake.

Hukuuliza, lakini nimeona kosa kubwa kuliko hilo la nafasi. Kasoro hufuata saa inayokuja, siyo iliyopita. Simu ikionyesha 8:45 asubuhi, saa mbili imeshapita na tunaiendea saa tatu: saa tatu kasorobo. Anayeandika "saa mbili kasorobo" ameita watu saa nzima mapema, kisha atanung'unika wanapofika wakakuta mlango umefungwa.

Niliandika kwenye kumbukumbu: "Mkutano ulianza yapata saa tatu kamili asubuhi, ukaendelea kati ya saa tatu na nusu na saa tano." Mwenyekiti amekataa kutia sahihi. (Katibu wa kikundi, Malindi)

Mwenyekiti wako anasoma kabla ya kutia sahihi, mshikilieni.

Yapata ni makisio, kamili ni uhakika. Haviketi jamvi moja. Ama mkutano ulianza yapata saa tatu, ama ulianza saa tatu kamili. Kamili yenyewe iandike peke yake, haiongezwi kiambishi chochote, na haina kazi saa ikishapata nusu au robo. "Saa tatu na nusu kamili" ni maneno ya mtu anayejaza ukurasa.

Hiyo "kati ya" nayo imekuchanganyia "na" mbili zenye kazi tofauti: moja inaunganisha saa na nusu yake, ya pili inaunganisha mwanzo na mwisho. Msomaji lazima arudi nyuma kupanga upya. Andika hivi uone: "ukaendelea kuanzia saa tatu na nusu hadi saa tano." Na bado ningekuuliza: kati ya saa tatu kamili na hiyo saa tatu na nusu mlikuwa mkifanya nini, mkinywa chai?

Kadi ya harusi: niandike saa 3:00 au saa 9:00 asubuhi? Kuna shughuli ya usiku pia. (Bi harusi mtarajiwa, Lamu)

Saa 3:00 asubuhi. Neno "saa" likitangulia, hesabu ni yetu, inayoanza jua linapochomoza. Ukiandika "saa 9:00" watu wataisoma saa tisa, na saa tisa asubuhi haiko. Ataamua kila mtu kivyake kama umekosea saa au umekosea kipindi. Mwenye shaka aandike kwa maneno, saa tatu kamili asubuhi, wala usiiongezee "kwa" mbele. "Karibuni kwa saa tatu" inasomeka kama karamu itakayokwisha baada ya saa tatu.

Na nikuonye, maana umesema kuna shughuli ya usiku pia. Kwa wazee wetu siku huanza jua linapotua, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" kwao ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Wajukuu wanaotazama simu wanaelewa usiku unaofuata mchana wa Ijumaa. Kadi moja, usiku mbili. Andika "Alhamisi, saa mbili na nusu usiku", au "usiku wa kuamkia Ijumaa". Hapo hakuna atakayepotea, awe wa Mkomani au ametoka Nairobi juzi.

Masaa mawili ni sawa? (Msomaji, Mambrui)

Saa mbili. Ukihofia itasomwa kuwa ni wakati, andika "muda wa saa mbili".

Bibi yangu husema "saa nne unusu" na "saa thenashara". Nikiyaandika, ni maneno mangapi? (Msomaji, Faza)

Unusu ni neno moja. Ile "u" si "na" yetu; imekuja na nusu kutoka Kiarabu, na peke yake haina pa kusimama, basi iache imshike mwenziwe. Lakini usichanganye ukaandika "saa nne na unusu", maana hapo umeunganisha mara mbili. Thenashara nayo ni neno moja, ndiyo kumi na mbili, kama edashara ilivyo kumi na moja. Katika barua ya ofisi tumia kumi na mbili. Ukimwandika bibi akizungumza, mwachie thenashara yake.