Kutafsiri kitabu cha maelezo cha chumbani: anza na saa

*"Wadau, hoteli moja huku Nyali imenipa kile kitabu cha maelezo kinachowekwa mezani chumbani nikitie Kiswahili: kuamshwa kwa simu, chakula cha chumbani, dobi na intaneti. Kiingereza chake chepesi, lakini saa zinanitatiza. Niziandikeje? Na kuna la kuangalia zaidi?"*

Ndugu, saa ndiyo kazi yenyewe. Ukiziweka sawa, umeshamaliza nusu ya kitabu. Nimevitafsiri vitabu hivi kwa hoteli kadhaa za kuanzia Bamburi hadi Diani, na mahali panapomuumiza mgeni ni palepale: ukurasa wa kuamshwa.

Kuna hoteli moja, sitaitaja, iliyokuwa na kitabu kilichotafsiriwa na mtu aliyekuwa na faili tu, simu yenyewe hakuiona. Asili ilisema mgeni abonyeze saa kwa tarakimu nne, na mfano wake ulikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Yule bwana akafikiri Kiswahili vizuri kabisa, akaandika: "Kwa saa kumi na moja na nusu, bonyeza 1130." Sentensi haina kosa la sarufi. Ila mashine ya simu haijui Kiswahili. Kwake 1130 ni saa tano na nusu mchana. Mgeni mwenye treni ya asubuhi pale Miritini anapigiwa simu treni ikiwa imeshaondoka zamani.

Ubaya wake ni kwamba mashine hailalamiki. 1130 ni saa halali, kwa hiyo inaipokea na kukushukuru. Itakataa tu kitu kama 2530. Mgeni hana njia ya kujua kuna tatizo hadi asubuhi yake iharibike, na pale mapokezi wataapa kwamba mfumo unafanya kazi, na ni kweli unafanya kazi.

Kwa hiyo mimi siandiki saa peke yake, wala tarakimu peke yake. Naandika saa ya mdomoni kwanza, yenye alfajiri au asubuhi yake, halafu kile kinachobonyezwa. Wala simwachii mgeni hesabu ya kuongeza sita na kutoa sita, kwa sababu yuko kitandani na amechoka. Karibu wote wanaotaka kuamshwa wanataka kati ya saa tisa usiku na saa mbili asubuhi, basi mpe jedwali dogo alitazame tu:

```
Saa tisa usiku                    0300
Saa kumi alfajiri                 0400
Saa kumi na moja alfajiri         0500
Saa kumi na moja na nusu alfajiri 0530
Saa kumi na mbili asubuhi         0600
Saa moja asubuhi                  0700
Saa mbili asubuhi                 0800
```

Juu yake maelezo yawe mafupi: "Inua mkonga wa simu, bonyeza namba ya kuamshwa, kisha bonyeza tarakimu nne za saa unayotaka kama zilivyo kwenye jedwali." Hiyo namba ya kuamshwa usiinakili kutoka kitabu cha hoteli nyingine, kila mtambo una yake. Nenda ukaijaribu chumbani: weka dakika kumi mbele, ukae usikilize. Ukiwa huko, tazama kama simu inakusomea saa uliyoweka. Ikiwa inasoma, ongeza sentensi moja ya kumwambia mgeni asikilize kabla hajakata.

Halafu kuna siku. Hapa kwetu Pwani wako wazee ambao kwao usiku hutangulia mchana wake, hivyo "usiku wa Ijumaa" kwao ni ule unaofuata Alhamisi jua likitua. Kijana wa mapokezi aliyetoka bara anaelewa kinyume. Mgeni akiandika kwenye kadi "niamsheni saa tisa usiku, Ijumaa", kuna usiku wawili hapo. Dawa tunayo tayari: andika "usiku wa kuamkia Ijumaa". Katika kadi nilizozitengeneza, mstari wa siku unasomeka hivi: "Usiku wa kuamkia ______, tarehe ______". Hakuna anayeuliza tena.

Chakula cha chumbani kinafuata mkondo uleule. Angalia sana ile kadi ya kifungua kinywa inayotundikwa kwenye kitasa cha mlango. Asili ikisema itundikwe kabla ya 2 za usiku wa manane, hiyo ni saa nane usiku. Ukiandika saa mbili usiku, umemnyang'anya mgeni saa sita, na watu watakuwa wanatundika kadi kabla hata hawajala chajio. Chakula chenyewe usikihangaikie sana. Wafanyakazi wanasema rumu sevisi, wageni pia, nami huandika "chakula cha chumbani" kwenye kichwa cha ukurasa na maisha yanaendelea.

Dobi kuna sentensi moja tu ya kuifikiria, nayo ni ya fidia. Hoteli nyingi huandika kwamba nguo ikipotea au kuharibika, malipo hayatazidi mara kumi ya bei ya kuifua. Huo ni mpaka. Nimeona umetafsiriwa kama ahadi: "tutakulipa mara kumi." Mgeni wa kanzu iliyoungua pasi atakuja na kitabu mkononi, na atakuwa na haki. Andika "fidia haitazidi mara kumi ya bei ya kufua nguo hiyo". Na orodha ya nguo iliyotoka ng'ambo ina suti na tai, haina kanzu, baibui, kikoi wala leso. Waambie waongeze hizo safu pamoja na bei zake. Hiyo si kazi ya mtafsiri, lakini bila hivyo mgeni wa Mombasa ataandika baibui kwenye safu ya gauni, na mabishano ya bei yatafanyika kaunta.

Saa za dobi nazo zipitie: nguo zikitolewa kabla ya 9 asubuhi zirudi siku hiyohiyo, ni kabla ya saa tatu asubuhi. Kabla ya saa tisa ni mambo mengine kabisa.

Intaneti sasa. Maneno yanayoonekana kwenye skrini usiyatafsiri, kwa sababu mgeni atayatafuta kwa macho. Ukurasa ukiwa na kitufe cha `Connect`, kitabu kiseme "bonyeza `Connect`". Maelezo yanayozunguka ndiyo yawe Kiswahili. Ukurasa usipojitokeza wenyewe, mwambie afungue kivinjari na kuandika `neverssl.com`. Anwani hiyo imetengenezwa makusudi isiyo na usimbaji, kwa hiyo mfumo wa hoteli unaweza kuidaka na kumleta kwenye ukurasa wa kuingilia.

Kinachowakwamisha wageni wetu hasa ni kile kisanduku cha `Last Name`. Mtu ana majina matatu, na aliyemwandikisha mapokezi huenda alishika la kati kama ndilo la mwisho. Mgeni anaandika jina la babu yake, mfumo unakataa, anadhani intaneti imekufa. Tafsiri ya "jina la mwisho" ni sahihi na haimsaidii. Muulize meneja jina linatolewa wapi. Kama linatoka kwenye usajili wa mapokezi, andika: "Kwenye `Last Name` andika jina la familia kama lilivyochapishwa kwenye karatasi uliyopewa mapokezi. Likikataliwa, piga simu mapokezi wakusomee lililoandikwa."