Kabla Hujaandika "Ni Ujauzito Tu": Pumzi na Mvumo wa Moyo Kliniki ya Wajawazito

Ninawaandikia ninyi mnaoanza kazi katika zahanati na vituo vya afya vya Bahi, Chamwino, Kongwa na kwingineko Dodoma, ambako mjamzito huja kliniki akiwa ametembea kilomita kadhaa juani, na ambako kipimo cha moyo cha ultrasaundi hakipo jirani. Jambo moja litawafikia mara kwa mara: mama analalamika kwamba pumzi inamwishia, nawe ukimsikiliza kifuani unakuta mvumo. Nimeona wenzangu wakikosea kwa njia mbili zinazopingana. Wako wanaomwandikia rufaa kila mwenye mvumo, hata familia ikauza mbuzi kwa ajili ya safari isiyohitajika. Na wako wanaomwambia kila mmoja kwamba ni hali ya ujauzito, bila kumkagua. Mimi niliwahi kuwa katika kundi la pili, na nitaeleza mbele kidogo.

Nianze na dada mmoja wa miaka 22, mimba ya pili, wiki ya 24. Alisema, "Daktari, nikipanda kutoka kisimani na ndoo kichwani, nahema kama niliyekuwa nafukuzwa." Kijana aliyekuwa zamu alimsikiliza, akasikia mvumo, akaanza kutafuta fomu ya rufaa. Nilimwomba asubiri kidogo, tumtazame pamoja.

Ili kuuelewa mvumo ule ni lazima kwanza kujua kinachotokea kwenye damu. Tangu majuma ya mwanzo, mishipa ya damu ya mjamzito hulegea na kutanuka, na mwili hujaza nafasi hiyo kwa kuhifadhi chumvi na maji. Sehemu ya maji ya damu huongezeka kwa kiasi cha asilimia 40 hadi 50, na hufikia kilele karibu na wiki ya 32 hadi 34. Chembe nyekundu nazo huongezeka, lakini kwa asilimia 20 hadi 30 hivi, ndiyo maana kipimo cha hemoglobini hushuka kidogo hata kwa mama anayekula vizuri na kumeza vidonge vyake vya madini chuma. Kadi ya dada huyu ilionyesha 12.4 mwanzoni na sasa 11.2. Damu yake haikupungua; iliongezewa maji. Lakini ikishuka chini ya 11, usiseme tena habari ya maji: huo uhesabu kuwa upungufu wa damu na uutafutie sababu, kwa kuwa upungufu wenyewe huleta mvumo na kuhema.

Moyo nao hulazimika kusukuma wingi huo wote. Kila pigo hutoa damu nyingi zaidi, mapigo huongezeka kwa 10 hadi 20 kwa dakika, na jumla ya damu inayotoka moyoni katika dakika moja hupanda kwa asilimia 30 hadi 50. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutokea mapema, kabla tumbo halijawa kubwa. Kwa sababu mishipa imelegea, presha haipandi pamoja na kazi hiyo. Hushuka kidogo, hasa namba ya chini, ikawa chini kuliko wakati wote katikati ya mimba, kisha hurudi polepole kuelekea kujifungua. Presha ya dada yetu ilikuwa 100/60 na mapigo 92. Wote wawili tulikubaliana kwamba namba hizo hazina tatizo kwa wiki ya 24.

Sasa mvumo. Damu nyingi, nyepesi kidogo, ikipita kwa kasi katika milango ileile ya moyo ambayo haijapanuka kwa kiasi hicho, hufanya msukosuko mdogo unaosikika. Ni kama mfereji wa bustani ya zabibu ukifunguliwa maji mengi: mfereji ni mzima, lakini sasa unatoa sauti. Mvumo wa namna hii huwapata wajawazito walio wengi sana, na una tabia zake. Ni laini, mfupi, husikika wakati moyo unasukuma, zaidi upande wa kushoto wa mfupa wa kifua, juu kidogo. Haupigi kiganjani ukiweka mkono kifuani, na hausafiri hadi shingoni wala kwapani.

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa maana neno "wakati moyo unasukuma" ndilo wengi hulikisia. Weka vidole viwili taratibu kwenye mshipa wa shingo, upande mmoja tu, huku ukisikiliza kifuani. Mvumo unaokuja pamoja na pigo la shingoni ni wa kusukuma. Mvumo unaokuja katika kimya kinachofuata, moyo ukiwa unajaa, ni wa kujaa, nao hauhesabiwi kuwa wa kawaida. Huo unahitaji kipimo cha ultrasaundi ya moyo hata kama mama anacheka na kuzungumza. Usitumie mshipa wa mkono kwa kazi hii, kwa sababu pigo lake huchelewa na litakudanganya, hasa moyo unapokwenda mbio. Iko pia sauti ya matiti, ambayo husikika mwishoni mwa mimba na wakati wa kunyonyesha, na yaweza kuendelea moyo unaposukuma na unapojaa pia. Hiyo utaitambua kwa kukandamiza kifaa kwa nguvu kidogo juu ya titi: hupotea.

Msimlaze chali muda mrefu mnapofanya haya. Kuanzia katikati ya mimba tumbo hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na mama huweza kutoka jasho, kuona giza na presha kushuka mkononi mwenu. Mwinulieni mgongo, au mlazeni ubavu wa kushoto.

Kuhusu pumzi, wengi hudhani kwamba ni tumbo linalosukuma mapafu juu. Tumbo lina sehemu yake, lakini mbona wengine huanza kuhema kabla halijaonekana? Sababu kubwa ni homoni ya projesteroni, inayoamsha kituo cha upumuaji kwenye ubongo. Mjamzito huvuta hewa nyingi zaidi katika kila pumzi, ilhali idadi ya pumzi kwa dakika karibu haibadiliki. Kwa hiyo huhisi anakosa pumzi, na kumbe anapumua zaidi ya zamani. Tofauti hii ni ya thamani sana kwetu tusio na mashine nyingi: kuhema kwa ujauzito ni kwa kina, si kwa haraka. Hesabuni pumzi kwa dakika nzima, mkiwa mmeshika mkono wake kana kwamba bado mnahesabu mapigo, kwa maana anayejua anahesabiwa pumzi huzibadilisha. Dada yetu alikuwa na 18, na oksijeni 98.

Kisha nikamuuliza maswali manne. Ilianza lini? Tangu mwezi wa tatu wa mimba, na imekaa palepale. Akitua ndoo? Inaisha kabla hajamaliza kusalimiana na jirani. Usiku analala vipi? Analala, isipokuwa kwenda haja ndogo. Anakohoa? Hapana. Tulitembea naye hadi mwisho wa baraza na kurudi, akinieleza habari za uwele wake bila kukata sentensi. Miguu ilikuwa imevimba kidogo kwenye vifundo, jambo la kawaida jioni, na presha na mkojo wake havikuwa na shida. Fomu ya rufaa ilirudishwa mezani.

Sasa kosa langu. Miaka mingi iliyopita, katika kituo kingine, alikuja mama wa wiki ya 30 mwenye mimba ya tatu, naye analalamikia pumzi. Foleni ilikuwa ndefu. Nilimsikiliza akiwa ameketi, juu ya kitenge, nikasikia kitu laini nikaandika ni hali ya ujauzito. Mapigo yake yalikuwa 112 nami niliyaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Sikumuuliza anavyolala. Baada ya siku nane aliletwa usiku kwa pikipiki, amekaa wima kati ya watu wawili, mapafu yote mawili yanasikika majimaji upande wa chini, na mate yenye povu la rangi ya waridi. Tulimkalisha, tukampa oksijeni na sindano ya furosemidi, gari likampeleka hospitali kubwa, akapona. Bibi aliyemsindikiza, baada ya kuniamkia "Mbukwenyi" kwa upole ulionichoma, alinieleza kwamba binti alikuwa akilala ameegemea gunia la mtama kwa majuma matatu, anakohoa usiku, na kwamba utotoni aliwahi kuvimba magoti kwa zamu.

Magoti yale yalikuwa ya homa ya baridi yabisi, na mlango wa kushoto wa moyo, kati ya chumba cha juu na cha chini, ulikuwa umesinyaa kimyakimya. Mlango mwembamba unahitaji muda ili damu ipite. Ujauzito huongeza damu na, kwa kuongeza mapigo, hupunguza muda. Damu hurudi nyuma kwenye mapafu. Ndiyo maana mama kama huyu huishi vizuri miaka yote, kisha akazidiwa baada ya mwezi wa tano au wa sita, na tena mara tu baada ya kujifungua, damu ya mfuko wa uzazi inaporudi kwa ghafla katika mzunguko. Mvumo wake ni wa kujaa na ni mzito, wa chini, kama jiwe la kusagia linalosikika kutoka nyumba ya pili. Hausikiki juu ya kitenge. Mlazeni mama ubavu wa kushoto, tafuteni mahali ncha ya moyo inapogonga, wekeni upande wa kengele bila kukandamiza, mwambieni atoe pumzi na kuizuia, na nyamazisheni chumba.

Kwa hiyo, kuhema kunakoongezeka wiki kwa wiki, kunakomwamsha usiku au kumlazimisha kulala ameketi, kikohozi cha usiku, damu kwenye makohozi, kuzimia akiwa kazini, maumivu ya kifua, mapigo ya zaidi ya 110 akiwa ametulia, pumzi za zaidi ya 24, oksijeni chini ya 95: lolote kati ya haya linaondoa neno "kawaida", hata kama mvumo hamkuusikia. Vivyo hivyo kuhema kunakoanza upya katika mwezi wa mwisho au miezi ya kwanza baada ya kujifungua, kwa sababu huo ndio wakati misuli ya moyo huweza kudhoofika kwa mama ambaye hakuwahi kuugua.

Kwenye kadi ya yule dada tuliandika: mvumo laini wa kusukuma, kushoto juu, hausafiri, wa kujaa umetafutwa, haupo, mapigo 92, pumzi 18, analala bapa, asikilizwe tena wiki ya 28 na baada ya kujifungua. Wiki ya 28 ulikuwa vilevile. Alipoleta mtoto kwa chanjo ya wiki ya sita, kijana yule alimsikiliza mwenyewe, kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na mvumo haukuwapo.