Barua kwa mwanangu: siku za kumwuguza baba yako

"Mama, nataka kuomba ruhusa kazini nije tumwuguze baba, lakini daktari mwenyewe hasemi atapona lini. Niandike siku ngapi? Na kazi yangu ya kuandaa mishahara ya wenzangu nitaiachaje?"

Mwanangu,

Omba wiki 4, tena kwa tarehe: Jumatatu tarehe 3 hadi Ijumaa tarehe 28. Nitakueleza nimezipataje, maana bosi wako naye atakuuliza.

Baba yako atapona lini, hilo hakuna wa kulijibu. Kiharusi hakina kalenda. Mimi nilimwuliza daktari swali jingine: huyu mgonjwa atahitaji watu wawili kitandani mpaka lini? Hilo alilijibu palepale. Upande wa kulia hauna nguvu, hajigeuzi. Kila baada ya saa 2 ageuzwe, usiku na mchana, asije akapata vidonda vya kulala. Juzi usiku nilimgeuza peke yangu, shuka likajikunja chini yake nisilione. Kulipokucha nilipapasa nyonga, nikaikuta ina moto na ngumu kuliko ya pili. Kidonda huanza hivyo, kabla ngozi haijachubuka. Daktari amesema tujipe wiki 4 za kumgeuza na kujifunza kumhamisha kutoka kitandani hadi kitini, na Jumanne tarehe 18 tumrudishe kliniki apimwe.

Basi andika yote mawili, muda unaoomba na siku ya kuupitia upya. Kwa mfano: "Naomba ruhusa ya siku 20 za kazi. Baba atapimwa tarehe 18, na tarehe 19 nitakujulisha kama nitarudi kama nilivyopanga au nitahitaji kuongezewa."

Usiandike "siku chache". Nilipokuwa msimamizi wa zamu, kijana mmoja aliomba siku chache amwuguze mama yake. Akaongeza siku 3, akaongeza 3 nyingine, na kila mara nilipanga zamu upya usiku, wenzake wakiwa wameshalala. Hakuna aliyemlaumu mdomoni. Lakini angeomba mwezi mzima tangu mwanzo ningetafuta mtu wa kushika nafasi yake, na yeye asingekuwa anapokea simu akiwa na beseni mkononi.

Umesema umebakiwa na siku 12 za likizo ya mwaka. Omba hizo kwanza, na siku 8 zilizobaki ziombe bila malipo, ukizitaja waziwazi. Kabla ya hapo soma mkataba wako na kanuni za kazini, pengine ipo ruhusa ya kuuguza ambayo hukuwahi kuihitaji. Barua ya daktari nimeiomba iseme mgonjwa hajiwezi, anahitaji mwangalizi, na kwa muda gani. Majina ya dawa na vipimo vyake vyote si mambo ya ofisini.

Sasa kazi. Usiandike "nitahakikisha kazi haiathiriki", msimamizi yeyote anajua itaathirika. Mwambie kipi kitakwenda wapi. Mishahara yenu hufungwa tarehe 25, kwa hiyo hiyo ndiyo hofu yake kuu, ianze. Kaa na mwenzako wiki hii, muingize pamoja mabadiliko ya mwezi huu: walioajiriwa, walioacha, mikopo inayokatwa. Afanye yeye, wewe utazame. Akifanya mwenyewe ndipo utajua anakwama wapi. Na umwombe kabla hujamtaja kwenye barua. Nimeona mtu akisoma jina lake kwenye mpango wa kazi ambao hakuambiwa, na ugomvi wao ulidumu kuliko ugonjwa wenyewe. Ripoti ya robo mwaka, kama haidaiwi mwezi huu, sema itangoja urudi. Kungoja nako ni mpango.

Najua utataka kuahidi kufanya kazi nusu siku ukiwa hapa. Usiahidi. Kati ya kumgeuza, kumlisha polepole akiwa ameketi wima asipaliwe, na kumnyoosha viungo, huwezi kupata saa 4 mfululizo. Ahidi saa 1 tu, saa 5 hadi saa 6 asubuhi, mimi nikiwa naye: mwenzako akupigie hapo. Na tarehe 24 uikague orodha ya mishahara mara moja kabla haijafungwa. Usiahidi zaidi ya hapo.

Mwambie bosi kwa mdomo kwanza, ndipo umpe barua, isizidi ukurasa mmoja. Akisema wiki 4 ni nyingi, usianze kumsimulia ugonjwa. Mwulize ni kazi gani anayoihofia, mwongee hiyo. Akikupa 2, zichukue, umwombe mlizungumze tena tarehe 19.

Barua ya daktari nitakupigia picha nikutumie jioni. Daftari la kugeuza liko kwenye rafu juu ya kitanda, nimechora safu ya saa na safu ya upande. Zamu zako nimeshaziandika: saa 8 na saa 10 usiku.

Mama yako