Pushapu na kifundo cha mkono

"Wakuu, nikipiga pushapu vifundo vya mikono vinauma balaa, nifanyeje?"

Pole mkuu. Kiganja kikilala chini kifundo kinakunjwa karibu nyuzi 90 na uzito wote unakaa hapohapo, ndo maana kinauma. Mimi huku Tabora fundi alinikatia vishikio viwili vya mninga, vipana chini visipinduke, navikamata ngumi ikiwa imenyooka na mkono kama rula, tangu siku hiyo napiga seti 3 za 8 bila shida. Ila ukichoka ngumi inaanza kulala nyuma, hapo simamisha seti. Kusukuma chuma ukiwa umelala kwenye benchi nako ni vilevile, chuma kikae sehemu ya chini ya kiganja karibu na kifundo, sio vidoleni. Kifundo kikiuma hata kimenyooka, au kimevimba au vidole vinakufa ganzi, acha kwanza ukapime.