Maswali na majibu: dufu, gitaa na mnyama wa daftarini

*Harusini dufu linapigwa na shekhe yupo, hata anatikisa kichwa. Likija gitaa anaaga. Vyote si ala?*

Shekhe huyo anafuata kitabu alichosoma. Darsa nyingi za fiqhi ya Kishafi katika pwani yetu husomesha Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277). Ukiufuata mpangilio wa kitabu hicho, mas'ala ya ala utayakuta katika mlango wa ushahidi, panapozungumzwa nani anakubaliwa kutoa ushahidi mbele ya kadhi. Hapo Nawawi anasema kuimba bila ala ni makruhu. Ala zilizokuwa alama ya walevi, kama tamburi, udi, matoazi na zumari ya Kiiraki, ni haramu kuzipiga na kuzisikiliza. Dufu linajuzu harusini na katika tohara, na kwa kauli yenye nguvu zaidi hata penginepo, hata likiwa na njuga. Ngoma anayoiharamisha kwa jina ni kuba tu, ile ndefu iliyo nyembamba katikati.

Gitaa halikuwapo zama zake. Wanaoliharamisha wanalipima na udi na tamburi, ambazo nazo ni ala za nyuzi. Dufu limeponyoka kwa sababu lina hadithi yake: Rubayyi' binti Muawwidh anasimulia katika Bukhari kwamba siku ya harusi yake vijakazi walipiga madufu na Mtume (s.a.w.) amekaa. Mmoja alipoimba kwamba miongoni mwetu yuko Nabii anayejua ya kesho, Mtume alimwambia aache maneno hayo na aendelee na aliyokuwa akiimba. Alilolikataza ni lile neno, dufu liliendelea.

Wala usidhani ndani ya madhehebu yenyewe wamekubaliana kwa kila kitu. Filimbi ya mchungaji aliihalalisha Rafii, ambaye kitabu chake ndicho Nawawi alichokifupisha. Nawawi akafika hapo akaandika kuwa lililo sahihi zaidi ni uharamu. Kisa kinachotajwa ni cha Ibn Umar, aliyesikia filimbi njiani akaziba masikio kwa vidole, huku akimuuliza Nafii kama bado anaisikia. Mmoja anasema: angezibia nini kama si haramu? Mwingine anajibu: kama ni haramu, mbona hakumwamuru Nafii azibe, wala hakumkataza mchungaji? Na Abu Daud, aliyeipokea hadithi hiyo, mwenyewe aliitilia dosari.

*Hadithi ya watu watakaohalalisha zinaa, hariri, pombe na ala za muziki imo ndani ya Bukhari. Sasa anayebisha anabisha nini?*

Mabishano yako kwenye mnyororo wa wapokezi. Bukhari hakuandika pale "alitusimulia Hisham bin Ammar" bali "alisema Hisham bin Ammar". Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki 456 Hijria, akahesabu kuwa mnyororo umekatika, na kwa kuwa aliona hadithi nyingine za mlango huo ni dhaifu, akarudi kwenye asili: kitu ni halali mpaka lije katazo lililothibiti. Ibn Hajar al-Asqalani alimjibu kwamba Hisham ni mmoja wa masheikh wa Bukhari waliomsomesha uso kwa uso, na kwamba hadithi hiyo imepokewa kwa njia nyingine zilizoungana. Kwa elimu ya hadithi, jibu la Ibn Hajar lina uzito mkubwa zaidi, na wengi wa wanaoruhusu muziki siku hizi hawategemei tena hoja ya mnyororo.

Wanachoshikilia wao ni maana. Ala zimetajwa pamoja na zinaa na pombe. Je, zimelaaniwa kila moja peke yake, au kwa kuwa zilikuwa sehemu ya baraza ya ulevi na zinaa? Wengi wa madhehebu manne wanasema kila moja peke yake, kwa sababu neno "watahalalisha" linaonyesha kuwa kila kilichotajwa kilikuwa haramu. Sheikh Yusuf al-Qaradawi (1926–2022) alishika upande wa pili na kuruhusu kwa masharti ya maneno, mahali na kiasi.

*Kaswida za siku hizi zina kinanda. Je, zinabaki kuwa kaswida?*

Maneno yakiwa ya kumsifu Mtume, hayaihalalishi ala kwa anayeiona ni haramu. Ukifuata Minhaj, dufu na matari vinatosha, kinanda hapana. Wapo wanaokwepa kwa kutumia sauti za mdomo zilizochezewa kwenye kompyuta mpaka zikalia kama kinanda. Hapo masheikh wa leo wamegawanyika: mmoja anatazama chombo, mwingine anatazama kinachosikika, na kwa huyu wa pili ujanja huo haubadilishi kitu.

Imam Ghazali ana kipimo kinachofaa kutumiwa kabla ya kubonyeza usikilize. Usikilizaji wenyewe kwake si haramu; unaharamishwa na mambo yanayoujia: mwimbaji anayetia fitna, ala ya walevi, maneno machafu, msikilizaji ambaye matamanio yanamtawala, na mazoea yanayokula muda wote. Kaswida nyingi zinapita kwenye maneno na kukwama kwenye ala.

*Mwanangu ameambiwa shuleni achore ng'ombe. Nimwache?*

Kwa Nawawi, kuchora kiumbe chenye roho ni haramu, kiwe na kivuli au kisiwe nacho. Kwa wengi wa Wamaliki, kilicho haramu ni sanamu kamili yenye kivuli, na mchoro wa bapa ni makruhu. Hawakuitoa hewani: Qasim bin Muhammad, mpwa wa Bibi Aisha na mmoja wa wanazuoni saba wa Madina, alikuwa na pazia la kitanda lenye picha za wanyama, ingawa yeye ndiye aliyeipokea kwa shangazi yake hadithi ya pazia ambalo Mtume alilikasirikia.

Ukiwa Mshafi na shule haina njia nyingine, mwalimu wa sayansi kwa kawaida anahitaji kiungo: kwato, pembe, tumbo la ng'ombe na vyumba vyake vinne. Ibn Qudama wa Hanbali anasema picha iliyokosa kitu ambacho mnyama hawezi kuishi bila hicho, kama kichwa, kifua au tumbo, haiingii kwenye katazo. Ikikosa jicho au mkono bado ni picha. Kwa hiyo kupiga mstari shingoni, kama tunavyoona kwenye madaftari ya madrasa, hakusaidii. Kichwa bado kipo. Miti, nyumba na milima havina mgogoro: Ibn Abbas alimwelekeza huko mchoraji aliyemlalamikia kuwa hiyo ndiyo kazi yake.

*Na picha za simu?*

Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliziruhusu picha za kamera akisema ni kuzuia kivuli alichokiumba Mungu; mpigaji haumbi umbo. Sheikh Ibn Baz wa Saudia alikataa isipokuwa kwa haja, kama pasi na kitambulisho, kwa sababu kwake tokeo ni picha vilevile. Wote wawili wanakutana kwenye picha ya aibu: haramu.

*Nimesali na fulana yenye picha ya simba. Nirudie?*

Usirudie, sala imesihi, ila ni makruhu. Minhaj inahesabu picha ya mnyama kwenye nguo iliyovaliwa, ukuta na pazia kuwa munkari, na inaruhusu iliyo kwenye zulia linalokanyagwa au mto unaoegemewa. Vaa nyingine juu yake, au igeuze nje ndani.