Dereva anayesaini daftari la mahudhurio si mtoa huduma

Wewe unayeanza kuandaa mishahara Tanzania, siku moja utaletewa jina uambiwe, "Huyu mlipe kama mtoa huduma, mkate asilimia 5 tu." Usilipe kabla hujauliza anafanyaje kazi.

Mimi nililipa. Alikuwa dereva, na mkataba wake uliandikwa "wa huduma": shilingi 800,000 kwa mwezi. Nilimkata kodi ya zuio 40,000, akapokea 760,000. Miezi 14 ikapita. Siku moja nikaliona jina lake kwenye daftari la mahudhurio: kaingia saa moja na nusu, katoka saa kumi na moja, kila siku. Gari na mafuta ni vya kampuni. Hakuwahi kuleta ankara hata moja, na alipotaka kwenda msibani alijaza fomu ya ruhusa. Hana mteja mwingine.

Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinasema mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa ikiwepo hata dalili moja kati ya zilizotajwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo: saa zake kupangwa na mwingine, kupewa vitendea kazi, kumfanyia kazi mtu mmoja tu, kumtegemea kiuchumi. Dereva wetu alikuwa nazo zote hizo. Jina la mkataba halikumbadilisha.

Sasa tupige hesabu yake kama mwajiriwa. Mchango wake wa NSSF ni asilimia 10, yaani 80,000. Zinabaki 720,000 za kutozwa PAYE, yaani kodi ya mshahara, ambayo kwa kiwango hicho ni 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000, jumla 60,000. Anapokea 660,000. Mwajiri naye anaongeza 80,000 za NSSF na 4,000 za WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi.

Ukiona hapo utaelewa kwa nini hata dereva mwenyewe hakulalamika: mkononi alikuwa anapata 100,000 zaidi. Lakini kwa miezi ile 14 hakuwa na mchango hata mmoja NSSF, na angepata ajali barabarani, WCF haina jina lake. Mwajiri naye amejiwekea deni: 160,000 kwa mwezi mara 14 ni 2,240,000 za NSSF peke yake, kabla ya adhabu na kabla TRA hawajauliza PAYE.

Fundi anayekuja kutengeneza kiyoyozi ni habari nyingine. Ana vifaa vyake, anapanga bei, anatuma kijana wake akiwa na kazi kwingine, na kazi ikiharibika anairudia kwa gharama yake. Huyo mkate asilimia 5 kwa amani; kodi iliyobaki atamalizana na TRA kwenye ritani yake, na NSSF anaweza kujichangia mwenyewe.

Kwa hiyo ukiletewa jina jipya, omba ankara. Wakikuletea daftari la mahudhurio badala yake, mfungulie jalada la mwajiriwa.